Besi, toni na kofi: sauti tatu za ngozi moja

Djembe ni ngoma ya Wamandinka na jamaa zao wa Guinea na Mali. Umbo lake ni la kinu, pana juu na jembamba chini, na huwambwa kwa ngozi ya mbuzi. Anayeisikia kwa mbali hudhani wanapiga watu watatu, kumbe ni mmoja tu, tena hana hata fimbo. Sauti zake za msingi ni tatu: besi inayorindima, toni iliyo wazi kama ya kuimba, na kofi linalopasuka kwa ukali. Hazitenganishwi na nguvu za mpigaji. Tofauti iko mahali mkono unapotua na jinsi kiganja kilivyokaa wakati kinatua.

Besi ndiyo nyepesi kuipata. Kiganja chote kinatua katikati ya ngozi, vidole vikiwa vimelala, kisha mkono unaruka juu papo hapo. Ukiuacha mkono ukalia pale, umeinyamazisha sauti uliyoizaa mwenyewe. Uzito utoke kwenye kiwiko, wala usikamie. Lakini besi haitoki kwenye ngozi peke yake: ni hewa iliyomo tumboni mwa ngoma inayosukumwa kutoka na kurudi kupitia tundu la chini, kwa mitetemo 65 hadi 80 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana anayepiga ameketi huiinamisha ngoma mbele na kuibana kwa magoti, ili tundu lisizibwe na sakafu. Jaribu kuisimamisha wima sakafuni, upige, kisha uiinamishe na kupiga tena. Utasikia besi iliyokuwa imekabwa ikifunguka.

Kazi kubwa iko kwenye toni na kofi, kwa sababu zote mbili hupigwa ukingoni, karibu mahali palepale. Kwa toni, bana vidole vinne pamoja na uvinyooshe bila kuvikakamaza. Sehemu ya juu ya kiganja, pale vidole vinapoanzia, iguse ukingo, na vidole vitue kwenye ngozi kwa urefu wake wote kwa mara moja. Kidole gumba kiweke mbali, la sivyo kitagonga ukingo na utajuta. Ikipigwa sawasawa, toni huwa ya duara, na mitetemo yake mikuu ni kati ya 300 na 420 kwa sekunde.

Kwa kofi, mkono unabaki ukingoni, ila sasa unalegea. Vidole viachane kidogo na kiganja kijikunje kiasi cha kuacha nafasi ndogo chini yake, ili ncha za vidole ndizo zigonge ngozi kwa kasi. Eneo dogo likigongwa ghafla, ngozi hutikisika vipande vipande badala ya kupanda na kushuka kwa pamoja, na sauti kali za juu hujitokeza, kuanzia mitetemo 700 hadi 1,000 hivi. Ukali unaletwa na ulegevu huo. Anayeutafuta kwa kukaza mkono hupata kishindo kisicho na mlio, pamoja na vidole vilivyovimba.

Sikio ndilo litakalokuambia ulipokosea. Toni ikitoka na ukali wa kofi, vidole vimeachana. Ikitoka butu, mkono umechelewa kuondoka au umesogea sana katikati. Na kofi likifanana na toni, mara nyingi vidole vimelala kwa urefu wote badala ya kugonga kwa ncha. Kabla ya kulaumu mkono, ibonyeze kwanza ngozi kwa kidole gumba. Wakati wa mvua, au kwenye unyevu wa pwani, ngozi ya mbuzi hunywa maji na kulegea, na kofi ndilo hufa mwanzo. Iote jua kidogo au uipashe kwa mbali na moto, kama wapiga ngoma wetu wanavyofanya siku zote. Pete na saa zivuliwe, maana chuma huchana ngozi.

Babatunde Olatunji, mpiga ngoma wa Nigeria aliyefundisha sana Marekani, aliipa kila sauti silabi yake: gun na dun kwa besi, go na do kwa toni, pa na ta kwa kofi, ya kwanza mkono wa kulia na ya pili wa kushoto. Tamka gun-dun, go-do, pa-ta huku ukipiga polepole, pigo moja kwa kila silabi. Mkono wa kushoto ndio utakaosumbua, hasa kwenye ta, kwa hiyo upe zamu zake peke yake. Kisha mwombe mtu akupe mgongo na ataje kila pigo analolisikia. Mpaka ayataje yote bila kukosea, usiongeze kasi.