Barua ya Pole Isiyokuwa na Pole

Mwaka jana rafiki yangu mmoja Mjerumani, aliyewahi kuishi Moshi miaka miwili akijitolea shuleni, aliniletea ujumbe wa simu niusome kabla hajautuma. Baba wa nyumba aliyokuwa akikaa alikuwa amefariki. Kiswahili chake ni cha kuongea, cha kuandika humpiga chenga. Basi alikuwa ameandika kwa Kijerumani anachotaka kusema, programu ya akili mnemba ikamtolea Kiswahili. "Niambie ukweli," akasema. "Mama akisoma atajua kwamba si mimi?"

Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi:

"Mama mpendwa, natumaini ujumbe huu unakupata ukiwa salama. Nimesikitika sana kusikia kuhusu kumpoteza mume wako. Alikuwa mtu wa ajabu ambaye aligusa maisha ya wengi. Mawazo na sala zangu ziko pamoja nawe katika wakati huu mgumu. Tafadhali usisite kuwasiliana nami ikiwa utahitaji chochote."

Mwalimu angesahihisha kidogo sana hapo. Ndiyo maana watu wengi hushindwa kuutambua ujumbe wa namna hii: wanatafuta makosa ya ngeli, na programu za siku hizi upatanisho wa kisarufi zinaumudu, pengine kuliko sisi tunaosema "gari yangu" kila siku. Nilimwambia kwamba mama atajua, na atajulishwa na neno ambalo halimo. Msiba umetajwa, huzuni imetajwa, lakini hakuna pole.

Neno hilo halina mwenzake kamili katika Kijerumani wala Kiingereza. Kwao neno la kuomba radhi na la kumfariji mtu hukaribiana, na palipo na kifo mara nyingi watu hueleza hisia zao: nina huzuni, nimesikitika. Kwetu anayetoa pole hajielezi mwenyewe. Anampa mfiwa kitu, naye mfiwa anakipokea na kukijibu. Tena hampi mmoja tu. Msiba ni wa nyumba nzima, kwa hiyo hata ukimwandikia mama peke yake utasema "poleni". Ujumbe ule ulikuwa na "nawe" na "mume wako", kana kwamba mjane yuko peke yake chumbani. Kisha huyo "mume wako" ni mtu ambaye rafiki yangu alimwita baba kwa miaka miwili.

Sentensi ya kwanza inataka uangalifu. Mtu anaweza kusema kwamba kumtakia msomaji afya mwanzoni mwa barua ni alama ya mashine, na atakuwa amekosea. Wazee wetu walioandika barua za posta walianza hivyohivyo: mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Mtindo ni wetu. Kosa ni mahali ulipowekwa. Hakuna Mswahili anayemwandikia mwanamke aliyefiwa juzi kwamba anatumaini yu salama. Kwa hiyo mimi sisomi nikiwinda maneno yaliyopigwa marufuku. Najiuliza kama sentensi hii ingetamkwa na mtu huyu, kwa mtu yule, siku ile.

"Usisite kuwasiliana nami" nayo haikupita. Maofisini imezoeleka, ila msibani inamwachia mfiwa kazi ya kuomba. Desturi ya Moshi, kama kwingi Tanzania, ni kwamba anayeguswa hasubiri kuombwa. Anafika, au anatuma rambirambi, neno ambalo kwetu lina maana ya maneno ya kufariji na ya fedha pia.

Mambo haya yana chanzo. Programu hizi zimejifunza kutokana na maandishi mengi mno ya Kiingereza, na Kiswahili kidogo walichokipata waliozitengeneza kina tafsiri nyingi ndani yake. Zinaweza kupata maneno ya Kiswahili huku mpangilio wa mawazo ukibaki wa kule. Utauona hata mahali pasipo na huzuni. Muuza duka anayemjibu mteja angesema "mzigo wako tumeshautuma". Programu inapenda "tayari tumetuma mzigo wako". Zote mbili ni sahihi, lakini ya kwanza imeanza na kile mteja anachokiulizia.

Rafiki yangu alitaka kuupitisha ujumbe kwenye programu nyingine, ya kupima kama maandishi ni ya mashine. Nilimsihi asihangaike. Kampuni ya OpenAI ilitoa kipimo chake mwanzoni mwa 2023, ikakiondoa Julai mwaka huohuo kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Katika majaribio yake yenyewe, kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vipimo saba kwa insha 91 za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Nikimfikiria kijana anayefukuzwa darasani kwa hukumu ya namna hiyo, moyo unaniuma.

Basi tukarudi kwenye programu ileile. Mara ya kwanza aliiandikia maelekezo mafupi: uwe wa kibinadamu zaidi, usisikike kama mashine. Ujumbe uliorudi ulikuwa umevimba. Moyo umevunjika vipande vipande, machozi hayakauki, na katikati kumbukumbu ya vicheko vya baba jioni chini ya mwembe. Nyumba ile haina mwembe, ina migomba. Huo ndio mtego mkubwa wa kuomba ubinadamu bila kutoa habari: programu haimjui mtu, kwa hiyo inaongeza chumvi, na chumvi ikikosekana inatunga. Wakati sauti inarekebishwa, majina, tarehe na ahadi vinaweza kubadilika pia, na mwandishi asiposoma tena atakuwa amesema uongo msibani.

Mara ya pili nilimwomba aache kuzungumzia sauti, aandike habari. Anayeandika ni nani, anamwita mama nani, alimwita marehemu nani. Taarifa aliipata lini. Kitu kimoja alichofanyiwa na marehemu. Kwa nini hakufika kuzika, na rambirambi ameituma kwa nani. Akaongeza jumbe tatu alizowahi kuandikiana na mama huyo, ziwe mfano wa urefu na maamkizi yao. Mwisho akataka uandikwe upya kwa Kiswahili, ule wa Kijerumani uwekwe kando, usizidi sentensi saba.

Uliotoka ulihitaji mkono wetu sehemu mbili tu. "Nilipokea taarifa jana" tukaigeuza "jana ndiyo nimepata taarifa", kwa sababu "ndiyo" hiyo inabeba majuto ya kuchelewa. Na "wewe na familia yako" tukaifanya "wewe na watoto", maana na yeye alihesabiwa katika familia hiyo. Ukawa hivi:

"Shikamoo mama. Jana ndiyo nimepata taarifa za msiba wa baba. Poleni sana, wewe na watoto. Siku ya kwanza nafika Moshi yeye ndiye aliyekuja kunipokea stendi, akabeba begi langu mpaka nyumbani. Nimeshindwa kuja kumzika, naomba mnisamehe. Rambirambi nimemtumia kaka. Mungu awatie nguvu."

Akausoma kwa sauti mara mbili. Kwenye "begi langu" sauti ikamkatika, akaweka simu mezani kwa muda, halafu akautuma.

Jibu lilikuja usiku. "Marahaba mwanangu. Asante, tumeshapoa. Begi lile alilisimulia mpaka mwisho, alisema lilikuwa zito kama la mtu anayehamia."