Ubia Ukivunjika, Barua Ina Watu Wangapi?

Tuchukue kampuni mbili za kufikirika. Moja ya Mwanza ina uzoefu wa usafirishaji, nyingine ya Dar es Salaam inajua kuhifadhi na kuuza samaki. Ziliingia ubia kwa mkataba, bila kusajili kampuni mpya BRELA, zikapeleka sangara na sato kwenye mahoteli ya Dar. Mwenye magari ana asilimia 60, mwenzake 40. Sasa wameamua kuachana kwa amani, na wanasheria wao wanaandika barua ya kuvunja ubia.

Barua ya namna hii husainiwa na wawili, lakini inagusa watu ambao hawakuwepo mezani: benki, mfanyakazi na mteja. Ugomvi mwingi wa baadaye hutoka huko.

Sehemu ya kwanza ya barua ni tarehe, na hapa ubahili wa maneno ni hasara. Iandikwe hivi: "Kuanzia saa 6:00 usiku wa tarehe 30 Juni, ubia hautapokea oda mpya. Oda zilizopokelewa kabla ya hapo zitakamilishwa kwa gharama na faida ya wote wawili." Bila mstari huo, samaki aliyeagizwa Juni akafika Julai ameharibika hana mwenyewe.

Mali ndiyo sehemu nyepesi, almradi mthamini wa nje ameshapita. Tuseme malori mawili yana thamani ya shilingi milioni 120, chumba cha ubaridi milioni 90, na mkopo uliobaki ni milioni 50. Ukitoa deni, zinabaki milioni 160: za Mwanza 96, za Dar 64. Mwanza akichukua malori pamoja na mkopo, mkononi ana milioni 70. Dar akichukua chumba cha ubaridi ana milioni 90. Basi Dar amlipe mwenzake milioni 26, hesabu imefungwa.

Imefungwa kati yao, lakini benki bado. Iliwakopesha wote wawili, na barua yao haiifungi. Mwanza akishindwa kulipa, benki itamfuata Dar pia, hata kama barua inasema deni si lake. Inatakiwa benki iandike kwamba imemwachia Dar. Kadi za magari nazo zibadilishwe jina TRA. Lori likigonga mtu huku kadi ina jina la zamani, jina hilo ndilo litakaloanza kutafutwa.

Kwa wafanyakazi, wabia wengi huandika sentensi moja: "Madereva watahamia Mwanza, watunza stoo watabaki Dar." Mtu hagawanywi kama lori. Dereva ana mkataba na mwajiri wake, na kumpeleka kwa mwajiri mwingine kunahitaji ridhaa yake. Njia safi ni kumpa mkataba mpya unaotambua miaka yake yote ya kazi, baada ya kuhakiki kwamba michango yake ya NSSF ilipelekwa.

Asiye na nafasi popote anapunguzwa kazi kwa utaratibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: taarifa ya kusudio, sababu, kisha mashauriano kabla ya uamuzi. Kiinua mgongo ni walau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kisizidi miaka 10. Mwenye mshahara wa 520,000, ukigawa kwa siku 26, anapata 20,000 kwa siku. Kwa miaka 6 ni 840,000, mbali na notisi na likizo ambayo hakwenda. Aliyekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi anaweza kukikosa. Barua iseme nani analipa fedha hizo, na itoke kwenye akaunti ipi, kabla wabia hawajagawana salio.

Wateja ndio sehemu ninayoiona ikiandikwa kwa uzembe kuliko zote. Hoteli inayopokea kilo 300 kwa wiki iliingia mkataba na wote wawili. Haki ya kudai malipo unaweza kumpa mwenzako, lakini wajibu wa kuleta samaki huwezi kumtupia bila hoteli kukubali. Kwa hiyo huandaliwa hati ya pande tatu: anayetoka, anayebaki na hoteli. Ndani yake iandikwe nani anakusanya ankara za nyuma, na nani anajibu malalamiko ya mzigo wa zamani.

Ukiletewa barua ya kuvunja ubia yenye kifungu "mengineyo tutakubaliana baadaye", irudishe. Na hoteli isiposaini, wabia wote wawili bado wanadaiwa samaki.