Mbwa wa miezi minane akiacha kuitika

Malalamiko huwa yale yale, na huja mbwa anapofika miezi 7 au 8. Tangu aletwe nyumbani akiwa na wiki 8 alikuwa akiitwa mara moja tu, anakuja mbio huku mkia ukimzungusha kiuno. Sasa anaitwa, anatega sikio, anamtazama mwenyewe usoni, kisha anageuza kisogo na kuendelea kunusa ukuta. Geti likifunguliwa kupisha gari, anachomoka. Akiambiwa akae, anabaki amesimama kana kwamba neno hilo hajawahi kulisikia. Wenye nyumba wanakata shauri kwamba mbwa ameharibika, na kuanzia hapo maisha yake yanakuwa mnyororo, au banda la mchana kutwa, au safari ya kwenda kwa jamaa mwenye shamba.

Mbwa huyo hajaharibika wala hajasahau. Amebalehe. Kipindi hicho huanza kwenye miezi 6 hivi na kwa mbwa wengi hufika hadi miezi 18. Mbwa wa maumbo madogo huwahi kukimaliza, wakubwa kama jemani shepadi huchelewa, na wengine hutulia wakikaribia miaka miwili. Homoni zinapanda, dume anaanza kuinua mguu na kuweka alama kila kona, jike anaingia kwenye joto kwa mara ya kwanza, na harufu ya nje ya ukuta inakuwa na habari ambazo mtoto wa miezi 4 hakuwa na haja nazo. Akili bado inakomaa, hasa uwezo wa kujizuia. Anaujua wito vizuri kabisa. Kinachopungua ni nguvu ya wito huo mbele ya vitu vingine vinavyomvuta.

Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitoa matokeo ambayo kila mfugaji angefaa kuyajua. Walifuatilia mbwa waliokuwa wakilelewa ili waje kuwaongoza wasioona, wengi wao labrado, goldeni ritriva na machotara wao. Mbwa 69 walipimwa kwa amri ya kukaa wakiwa na miezi 5, kisha tena wakiwa na miezi 8. Kwenye miezi 8 walikuwa wagumu zaidi kumtii yule aliyewalea. Mtu mgeni akitoa amri ile ile, ugumu huo haukuonekana. Tena mbwa waliokuwa na wasiwasi wa kutengana na mlezi wao ndio waliomgomea zaidi. Hali hiyo ilikuwa ya kupita, kwani kufikia mwaka mmoja walezi waliona mafunzo yanashika tena.

Matokeo hayo yanaeleza jambo linalowaumiza watu wengi. Mama aliyemlea mbwa kwa mkono wake, aliyeamka naye usiku wa kwanza alipokuwa akilia, ndiye anayepuuzwa. Askari wa getini aliyeanza kazi mwezi uliopita akisema neno, mbwa anatii. Mama anaona mbwa amemkataa, au anadhani askari ana mkono mgumu unaoheshimika, naye akaanza kutafuta fimbo. Ukweli uko karibu na kinyume chake. Mbwa anajaribu mipaka kwa mtu ambaye amefungamana naye.

Chukua nyumba ya namna hiyo, tuseme ni Njiro, Arusha, na dume la jemani shepadi la miezi 9. Wanaoishi naye ni baba, mama, watoto wawili, dada wa kazi na askari wa usiku. Baba akitaka mbwa aje humwita kwa Kiingereza, mama husema "njoo", watoto hupiga mluzi. Dada humruhusu kuingia jikoni kwa sababu anamsafishia sakafu, mama akimkuta humfukuza kwa ufagio. Mbwa akimrukia baba akiwa na nguo za nyumbani hukunwa kichwa, akimrukia akiwa na suti hupigwa teke. Alipokuwa mdogo mkanganyiko huo ulifichika, kwa sababu kila mtu alikuwa anamvutia vya kutosha kumfuata. Sasa anachagua, na anachagua kwa hesabu nzuri. Jambo linalolipa mara moja katika kumi bado linafaa kujaribiwa mara zote kumi. Ndiyo maana tabia inayozawadiwa kwa nadra huwa ngumu kufa kuliko ile inayozawadiwa kila siku.

Kazi ya kwanza basi ni ya binadamu. Watu wote wa nyumba hiyo wakae pamoja, askari na dada wakiwemo, wakubaliane maneno manne: njoo, kaa, acha, shuka. Maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi ibandikwe kwenye mlango wa jikoni, na chini yake yaandikwe mambo matatu tu ambayo hayana msamaha kwa yeyote. Kwa mfano haingii jikoni, hamrukii mtu, hatoki getini kabla hajakaa na kuruhusiwa. Sheria kumi na tano hazitashikwa na mtu. Tatu zinashikika, hata na mtoto wa darasa la pili.

Kisha kuna wito wenyewe, ambao ndio unaookoa maisha siku geti likibaki wazi. Kosa kubwa hapa hufanywa mbwa anapokuwa amesharudi. Ametoka, amezurura nusu saa, anarejea mwenyewe akiwa na tope miguuni, na papo hapo anachapwa. Yeye haunganishi kipigo na kutoroka kwa nusu saa iliyopita. Anakiunganisha na kitendo alichokifanya sekunde ile, yaani kumkaribia bwana wake. Kesho atarudi taratibu zaidi, na keshokutwa atasimama hatua kumi mbali asikamatike. Hata bila fimbo, neno "njoo" huchakaa vivyo hivyo likitumika kumwitia kuogeshwa, kukatwa kucha au kufungiwa banda. Kwa mambo hayo usimwite, mfuate alipo umvishe kamba.

Kulijenga upya neno hilo kunahitaji kamba ya mita 8 hadi 10, nyepesi na laini, na mkanda wa kifuani. Kamba ndefu isifungwe kwenye kola ya shingoni, kwani mbwa akichomoka na kufika mwisho wake kwa kasi shingo huumia. Isiwe na kitanzi mwishoni, maana kitanzi hunasa kwenye mizizi na miguu ya viti. Kamba ya katani inachubua, na manila nyembamba ikipita kwenye kiganja kwa kasi inaunguza ngozi, hivyo mkanda bapa wa nailoni ni bora. Malipo nayo yawe tofauti na chakula cha kila siku. Mbwa anayekula ugali na dagaa hatavunja safari yake kwa ajili ya ugali. Maini ya kuchemsha bila chumvi, yakikatwa vipande vya ukubwa wa punje ya harage, yanaweza.

Mnaanzia uani kukiwa kimya, mbwa akiwa umbali wa hatua tatu nne, kamba ikiburuzika chini. Ita mara moja, kwa sauti ya kawaida. Akigeuza kichwa tu, msifu hapo hapo, na akifika mpe vipande vitatu kimoja kimoja, huku mkono mwingine ukigusa kola yake. Kisha mwachie arudi alikokuwa. Hatua hiyo ya kumwachia ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo inayomfundisha kwamba kuitika si mwisho wa raha yake. Asipoitika, usiite mara ya pili. Okota kamba, fupisha umbali kwa kumwendea, mwonyeshe kipande puani, rudi nyuma hatua mbili akufuate, mpe kimoja. Usimvute kama mbuzi wa mnadani, wala usimkaripie. Dakika tano zinatosha, mara mbili tatu kwa siku, na kila mtu mzima wa nyumba apate zamu.

Akiitika karibu kila mara kwa siku kadhaa, ongeza kitu kimoja tu: ama umbali, ama kishawishi. Watoto wanaocheza mpira uani, paka juu ya ukuta, fundi anayepiga nyundo. Akianza kushindwa, rudisha umbali nyuma. Anayetaka kujua kama kazi inasonga asihesabu tu mara alizokuja, aangalie muda kati ya neno na kichwa kugeuka. Muda huo ukifupika, mafunzo yanashika, hata kama mwili bado unasitasita.

Kuna wakati mgumu ambao huwavunja moyo watu kabla ya matunda. Mbwa aliyezoea kubweka mlangoni mpaka afunguliwe, mkiacha kufungua atabweka zaidi kwanza, kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu kuliko zamani, kabla ya kukata tamaa. Familia nyingi husalimu amri hapo hapo, usiku wa tatu, na kumbe wamemfundisha kwamba dawa ni kubweka hadi usiku wa tatu. Kama majirani hawataruhusu kelele hizo, ni heri kutolianzisha zoezi hilo kwa sasa, mkampe kitu cha kufanya kabla hajaanza kubweka: matembezi ya jioni, mfupa mbichi mkubwa wa kuguguna, chakula kilichotawanywa kwenye nyasi akitafute kwa pua.

Si kila ukaidi ni balehe. Jemani shepadi wa miezi 5 hadi 18 huweza kupata maumivu ya mifupa ya miguu ambayo hujitokeza kwa kuchechemea, leo mguu huu, wiki ijayo mwingine. Mbwa anayekataa kukaa huenda nyonga zinamuuma. Asiyegeuka akiitwa huenda ana usaha sikioni. Aliyezubaa ghafla, asiyekula na mwenye ufizi uliopauka huenda ana homa ya kupe, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Anayeanza kuogopa kitu alichokizoea, kama pipa la taka au pikipiki, aachwe akitazame kwa mbali mpaka mwili ulegee, asiburutwe kukinusa. Na anayenguruma asipigwe kwa kunguruma. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyenyimwa onyo hubaki na meno.

Watu huuliza kuhusu kuhasi. Kuhasi hupunguza uzururaji wa dume anayefuata majike, ila hakumfundishi kuitika. Kwa jemani shepadi, utafiti wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, Davis, ulionyesha kwamba kuhasi kabla ya mwaka mmoja kunaambatana na matatizo mengi zaidi ya maungio. Zungumza na daktari kuhusu umri, na kabla ya hapo hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati, kwa sababu dume la miezi 10 lililoponyoka hukutana na mbwa wengi usiku mmoja.

Kamba nayo haivuliwi siku moja. Akishaitika mbele ya paka na mbele ya geti lililo wazi kwa wiki kadhaa, ikate mita mbili, aendelee kuiburuza. Akibaki vile vile, kata mbili nyingine. Kipande cha mwisho cha urefu wa mkono kikae mgongoni mwake mpaka apite miezi 18, na siku atakayogeuza tena kisogo, jambo ambalo si ajabu, rudisha ile ndefu na maini, anza tena kwenye hatua tatu nne.