Anaoa au anavuta jiko?

Kijana wa Dar es Salaam anayejiandaa kuoa huwa na magrupu ya WhatsApp yasiyopungua matatu: la washikaji, la kazini na la ukoo. Habari ni moja, ila lugha inayofaa kwenye kila grupu ni tofauti.

Chukua ujumbe kama huu kwa washikaji: “Oya wanangu, mwana navuta jiko! Jumamosi saa 12 jioni, Sinza. Mwenye msimbazi aje nao, tule bata.” Kwa rika lake hauna tatizo. Wanangu ni wenzake, kuvuta jiko ni kuoa, kula bata ni kustarehe. Msimbazi ni noti nyekundu ya shilingi 10,000, iliyobandikwa jina la mtaa wa Kariakoo yalipo makao ya Simba, klabu ya jezi nyekundu.

Shida ni kwamba ujumbe wa harusi haukai ulikotumwa. Mdogo wake akiufowadi kwa mama mkubwa kule Tanga, mama huyo anakuta ameitwa mwana na mtoto aliyemlea. Hilo ataliche­ka. Jiko ni jambo zito zaidi, maana wakwe waliopokea mahari juzi hawatapenda kusikia binti yao akiitwa hivyo. Na wale waliokwisha kutoa mchango watauliza kama msimbazi ni mchango mwingine.

Kukimbilia Kiswahili cha kadi nako kuna kasoro yake. “Familia ya Bwana na Bibi Fulani inayo heshima kukualika” ni sahihi kwenye kadi, ila rafiki wa tangu shule ya msingi akitumiwa maneno hayo atadhani anakumbushwa ahadi. Ndiyo sauti ya kamati za harusi zinapodai michango.

Kinachofaa ni Kiswahili cha mazungumzo, lugha ya mtaani ikibaki kwenye salamu: “Oya, Jumamosi tarehe 14 naoa! Sherehe inaanza saa 12 jioni, ukumbini Sinza Mori. Michango tumeshafunga, njoo tu tufurahi.” Siku, saa, mahali na pesa vimeandikwa kwa maneno ya wote, kwa sababu ndivyo vinavyonakiliwa na kutumwa mbele.

Kwa mama mkubwa, “Oya” inatoka, inaingia “Shikamoo mama”, na “njoo tu” inakuwa “tunaomba uwepo wako”. Kwa bosi inatosha “Habari za kazi”. Taarifa zenyewe hazibadiliki, hivyo hakuna grupu litakalofika ukumbini saa tofauti na jingine.

Grupu la marafiki watano walioshibana linaweza kubaki na jiko lake, mradi wote wajue hakuna kufowadi. Binamu wa Nairobi, mwenye Sheng yake, atumiwe toleo la mazungumzo: msimbazi huenda usimwambie kitu, ila tarehe na saa atazielewa bila kupiga simu.