Fosforasi Inapoipokonya Ketoni Oksijeni

Ilidi ya fosforasi ni molekuli ambayo kaboni yake yenye chaji hasi imeshikana na fosforasi yenye chaji chanya. Mbinu ya kugeuza ketoni kuwa alkeni kwa ilidi ilibuniwa na Mjerumani Georg Wittig, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1979.

Mfano ni saikloheksanoni. Kwanza, chumvi ya fosfonia huwekwa katika etha kavu, ndani ya gesi ya naitrojeni, kisha huongezwa butili-lithiamu. Rangi ya manjano ikitokea, ilidi imepatikana. Maji yakiingia, ilidi huharibika na rangi hupotea. Ketoni inapotiwa, kaboni ya ilidi huishika kaboni iliyobeba oksijeni, na pete ya atomu nne huundwa. Pete hiyo hukatika: kaboni mbili hubaki na kifungo maradufu, nayo fosforasi huondoka na oksijeni.

Kung'oa oksijeni kwenye kaboni hugharimu nishati nyingi. Hata hivyo, kifungo cha fosforasi na oksijeni, chenye nguvu ya zaidi ya kilojuli 500 kwa moli, hufidia gharama hiyo, hivyo mmenyuko haurudi nyuma. Ketoni iliyosongwa na vikundi vikubwa humenyuka polepole, au haimenyuki kabisa.