Usianze kwa kufuta: video ya sokoni na nakala zake

Mwaka jana, kwa kazi ya isimujamii, nilimrekodi mama mmoja anayeuza mboga katika soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Nilitaka kusikia jinsi anavyochanganya namba za Kifaransa na Kiswahili chetu anapotaja bei. Alikubali nimrekodi kwa ajili ya masomo. Mimi, bila kumrudia kumwuliza, nilikata sekunde 48 katika rekodi ya dakika tatu na kidogo, nikaziweka TikTok siku ya Ijumaa jioni. Kosa lilikuwa langu. Kukubali kurekodiwa kwa masomo si kukubali kutazamwa na watu usiowajua.

Jumapili yake watu walikuwa wamekwisha kuichukua. Wengine waliirusha upya jinsi ilivyo. Wengine walibandika mwanzo wake mbele ya video zao, kisha wakamwiga mama yule kwa sauti ya kubana pua. Jumanne nilimkuta kwenye meza yake. Hakunifokea. Aliniambia tu: "Mwana, utoshe ile video. Batoto banakuya kunicheka hapa pa meza."

Nilitoa simu palepale ili niifute mbele yake. Namshukuru rafiki niliyekuwa naye, maana alinishika mkono. "Ukifuta sasa," alisema, "utawapataje wale wengine?" Makala hii inaeleza kwa nini alikuwa na haki, na yale tuliyofanya wiki tatu zilizofuata.

Kwanza tutenganishe nakala, kwa sababu hazifi kwa dawa moja. Mtu akibonyeza Republier, hakutengeneza kitu kipya. Ameelekeza watu kwenye video yako ileile. Ukiifuta au kuificha, urushaji wake unakufa papo hapo, na huna haja ya kumtafuta. Lakini Stitch, ambayo kwenye simu zilizowekwa Kifaransa huandikwa Collage, ni jambo lingine. Anayeitumia anachukua kipande cha video yako, anaongeza yake, na kinachotoka ni video mpya iliyo chini ya akaunti yake. Duet, yaani Duo, nayo ni hivyohivyo, ila video mbili zinakaa sambamba. Kufuta ya kwako hakuzigusi hizo. Aina ya tatu ni ya yule aliyepakua faili na kulipandisha upya kwa jina lake, pengine Facebook, pengine katika kundi la WhatsApp. Hapo hakuna uzi wowote unaomuunganisha na wewe.

Uzi huo ndio wenye thamani. Stitch na Duo, zikitengenezwa ndani ya programu, kwa kawaida hubeba jina la akaunti yako katika maelezo yake. Tena, ukigusa kile kisahani cha sauti kilicho chini ya video yako, unafunguliwa ukurasa unaoonyesha video zilizotumia sauti hiyo. Kwangu ukurasa huo ulikuwa kama daftari la mahudhurio: wote waliomchekea mama yule kwa kutumia sauti yake walikuwa wamejiandikisha wenyewe. Mwenye kufuta kwanza anachoma daftari hilo kabla ya kulisoma.

Basi usiku ule tulifuata mpango huu. Tulifungua mipangilio ya faragha ya video yenyewe, tukazima Stitch, Duo na upakuaji, ili zisizaliwe mpya wakati tunahesabu. Kisha tukaandika katika daftari la kawaida: kiungo kizima cha kila nakala, jina la akaunti, tarehe, aina ya nakala, na maneno yaliyosemwa. Tulipiga picha ya skrini ya kila moja. Angalia jambo moja dogo kuhusu kiungo: kile kifupi kinachoanza na vm.tiktok.com hakikusaidii sana. Kifungue kwanza, kisha unakili kile kirefu, chenye namba ndefu baada ya neno video. Namba ile ni ya video, haibadiliki hata mwenye akaunti akijibadilisha jina, na wawili kati ya watu wetu walijibadilisha kweli.

Hesabu ilitupa Stitch na Duo tisa, pamoja na video nne zilizopandishwa upya. Hizo nne tulizipata kwa kutafuta maneno ambayo mtu mwenye dharau angeyaandika, siyo maneno yangu mimi. Hapo mwanafunzi wa lugha ana faida: nilijiuliza wangemwita nani, nikatafuta "mama ya lengalenga", na mbili zikatokea.

Baada ya hapo tuliificha video, hatukuifuta. Tuliiweka ionekane na mimi peke yangu. Kwa umma, matokeo ni yaleyale: haionekani na urushaji wote umekufa. Lakini kwangu bado ipo, na tarehe yake, na kiungo chake, ambacho fomu ya malalamiko itakiuliza. Faili asili nalo nililiweka kando, lile la dakika tatu. Mwizi ana sekunde 48 zenye alama ya TikTok. Mwenye mali ana kile kilichotangulia na kilichofuata.

Sasa barua. Niliwaandikia wote tisa wa Stitch na Duo, faraghani, siyo chini ya video zao. (Siku ya kwanza nilikuwa nimejibu hadharani kwa hasira katika maoni ya mmoja. Alitengeneza video ya pili kutokana na jibu langu.) Ujumbe ulikuwa mfupi: "Ndugu, mimi ndiye niliyerekodi mama aliye katika video yako ya Jumamosi. Hakukubali kuonyeshwa, kosa ni langu. Watoto wanakwenda kumcheka kwenye meza yake. Nakuomba uifute. Kiungo ni hiki." Sikutaja polisi wala sheria. Nilianza na kosa langu, maana mtu anayeombwa na mkosaji mwenzake hana haja ya kujitetea. Sita walifuta ndani ya siku tatu, na mmoja aliomba radhi ili nimfikishie mama.

Wa saba alikataa, na baada ya kuitazama tena video yake nilimwacha. Alikuwa amechukua sekunde tano ili kuwapinga wanaocheka, akieleza kwamba "minauza" siyo Kiswahili kibovu bali ni sarufi ya hapa kwetu. Nilimwomba tu afunike uso wa mama. Alikubali, akaipandisha upya.

Wawili hawakujibu. Hapa wengi wetu tunakimbilia haki ya mwandishi, nami nilitaka hivyo, lakini kwa Stitch ni mlango mwembamba. Mimi ndiye niliyeacha Stitch ikiwa wazi, na kwa masharti ya huduma niliyoyakubali nilikuwa nimewaruhusu wengine kutumia video yangu kwa njia hiyo. Kilicho na nguvu zaidi ni kuripoti unyanyasaji ndani ya programu: unashikilia video, unachagua kuripoti, kisha sababu inayohusu uonevu na dhihaka. Tulieleza sekunde gani inamlenga mama na kwa maneno gani. Ripoti ya aina hii haimwambii mwenye video ni nani aliyeripoti. Tena haina haja ya jeshi: darasa zima lilitaka kuripoti pamoja, nikawaambia waache, kwa sababu video hupimwa kwa kilichomo, na watu arobaini kuifungua kungeipa tu watazamaji arobaini. Moja iliondolewa. Nyingine tulijibiwa kwamba haivunji kanuni.

Kwa zile nne zilizopandishwa upya, haki ya mwandishi ilikuwa njia sahihi, kwa maana mtu alichukua kazi nzima bila ruhusa. Nchini kwetu inalindwa na Sheria-Amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Lakini uliza kwanza: nani alishika simu? Haki hii ni ya aliyerekodi, siyo ya anayeonekana. Kama rafiki yako ndiye aliyekupiga video ukicheza kwenye arusi, yeye ndiye mwenye kujaza fomu. Wewe unayeonekana una njia nyingine, ile ya maisha binafsi, ambayo Katiba ya 2006 inaitaja katika kifungu cha 31. Katika kesi yetu mimi nililalamika kama mwandishi, na mama, kwa mdomo wake na mimi nikiandika, alilalamika kama mtu ambaye sura yake imetumika.

Fomu ya haki ya mwandishi inataka jina lako la kweli, anwani ya barua pepe, kiungo cha kazi asili, kiungo cha kila nakala, na tamko kwamba unasema kweli. Wengi wanajaza bila kusoma mstari unaosema kwamba malalamiko, pamoja na jina lako na anwani yako, yanaweza kupelekwa kwa yule unayemlalamikia. Mtu anayekimbia mnyanyasaji asijaze fomu hii kabla ya kulifikiria hilo. Aanze na ripoti ya ndani ya programu. Mimi nilifungua anwani mpya kwa kazi hiyo tu. Tatu ziliondolewa. Ya nne, iliyokuwa kwenye ukurasa wa Facebook, ilihitaji fomu ya Facebook yenyewe. Ya TikTok haina mamlaka huko. Nayo iliondoka, kisha ikarudi baada ya wiki moja ikiwa imegeuzwa kushoto kulia na kuwekewa muziki. Nilijaza tena.

WhatsApp ndiko tulikofika ukingoni. Ujumbe wa huko umefungwa kati ya wanaozungumza, na hakuna ofisi inayoweza kuingia na kuuchomoa. Anayeweza kufuta kwa wote ni aliyetuma, kwa muda usiozidi siku mbili na ushei, au msimamizi wa kundi. Kwa hiyo tulitafuta wasimamizi: wa kundi la promosheni, wa kundi la korasi, wa kundi la wauzaji. Walifuta. Waliokuwa wamekwisha kuhifadhi faili simuni, hao siwezi kuwahesabu.

Video ya uchi au ya faragha ya mapenzi haingoji utaratibu huu wa polepole. Kwa watu wazima kuna StopNCII.org, na kwa walio chini ya miaka 18 kuna Take It Down. Zote zinatengeneza alama ya faili bila faili lenyewe kutoka kwenye simu yako, na majukwaa yanayoshiriki, TikTok na Facebook yakiwemo, yanaitumia alama hiyo kuzuia nakala.

Malalamiko yote yalipokwisha kujibiwa, wiki ya tatu, nilikwenda sokoni. Nilimwonyesha mama daftari, mstari kwa mstari, na ile Stitch moja iliyobaki. Aliomba kuiona. Aliitazama mara mbili, akauliza kama kijana yule ni wa Lubumbashi. Kisha nikafuta video ya asili mbele yake, na kwa kazi yangu ya isimujamii nikabaki na maandishi ya mazungumzo, bila sura wala sauti.