Ni 3 au 8? Jedwali linapofika likiwa na ukungu

Karani wa chama cha msingi amepiga picha ukurasa wa daftari la mizani na kumtumia mhasibu kwa WhatsApp. Flashi imefuta sehemu ya safu ya malipo, na kwenye safu ya kilo kuna tarakimu tatu zinazosomeka kama 3 au 8.

Hatua ya kwanza ni kuomba picha itumwe tena kama faili, maana WhatsApp huibana picha ya kawaida na alama ndogo hupotea. Kuikuza ile ya kwanza hakusaidii sana: simu hulainisha kingo, na uwazi wa 3 unaweza kuzibika ukaonekana 8. Afadhali utafute ukurasani 3 na 8 zilizo wazi za karani huyohuyo, ulinganishe mwandiko.

Shaka ikibaki, hesabu isaidie. Tuseme kahawa ni shilingi 5,000 kwa kilo. Mstari wa kwanza unasomeka kilo 43 au 48, lakini malipo yako wazi: 215,000. Kilo 48 zingelipwa 240,000, kwa hiyo ni 43. Hapo hakuna dhana, kuna uthibitisho.

Mstari wa pili ni 52 na wa tatu 60, bila utata. Wa nne ni 33 au 38, wa tano 53 au 58, na malipo ya yote miwili yamefutwa na flashi. Jumla iliyoandikwa chini ni kilo 246, nayo inakubaliana na jumla ya fedha, 1,230,000. Tukitoa 155 za mistari mitatu ya juu, zinabaki 91. Basi ni 33 na 58, au 38 na 53.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Jumla imetimia, wanachagua jozi moja na kuendelea. Lakini jumla haisemi zile kilo tano ni za nani. Kwa ripoti ya chama, jozi yoyote inatoa jibu lilelile. Kwa wakulima wawili, ni shilingi 25,000 za mmoja wao. Kwa hiyo maelezo yaandikwe chini ya jedwali lenyewe, msomaji ayaone pamoja na namba:

“Mstari wa 4 na wa 5, safu ya kilo: tarakimu ya mwisho haisomeki (3 au 8). Jumla ya 246 imechukuliwa kuwa sahihi, hivyo ni 33 na 58, au 38 na 53. Jumla kuu haibadiliki. Malipo ya kila mkulima yanaweza kutofautiana kwa 25,000.”

Wakati huohuo kila mmoja anaweza kulipwa kiwango cha chini, yaani kilo 33 na kilo 53, na zile 25,000 zikashikiliwa hadi wakulima walete stakabadhi zao za mizani.